Udhiya

Udhiya (kutoka Kiarabu) ni mnyama anayechinjwa na Waislamu katika Idi ya Kuchinja, tarehe 10 Dhulhija (Mfunguo Tatu), au katika siku tatu zinazofuata. Makala hii inaeleza udhiya kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kwa mfano wa Mpemba, kata ya mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe, Tanzania.

Umri na afya

Ng'ombe na mbuzi wanatakiwa wawe wametimiza miaka 2, na kondoo mwaka 1. Madhehebu mengine yanakubali mbuzi wa mwaka 1. Kwa kuwa mnunuzi wa mnadani mara nyingi hajui siku ya kuzaliwa, hutazama meno ya mbele ya taya la chini. Ng'ombe huota jozi ya kwanza ya meno makubwa ya kudumu akiwa na miaka 2 hivi. Mbuzi huota jozi hiyo mapema zaidi, baada ya mwaka 1, hivyo kwake meno mawili peke yake hayathibitishi miaka 2.

Mnyama mwenye chongo, ugonjwa au kilema kilicho wazi, au aliyekonda sana, hafai. Kabla ya kununua, atembezwe ili aonekane kama anachechemea.

Kuchinja

Udhiya huchinjwa baada ya swala ya Idi. Aliyechinjwa kabla yake huwa nyama ya kawaida tu. Kisu hunolewa mbali na macho ya mnyama, wala hachinjwi mbele ya mwenzake. Hulazwa ubavu wa kushoto akielekezwa kibla, ambacho kutoka Mpemba ni kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Mchinjaji hutaja jina la Mungu, kisha hukata koromeo, umio na mishipa mikubwa ya shingo. Ngozi haichunwi mpaka mnyama afe kabisa.

Kugawa nyama

Mbuzi ni wa mtu mmoja, lakini ng'ombe anaweza kuchangiwa na watu 7. Ng'ombe akitoa kilo 105, nyama na mifupa huchanganywa na kupimwa kwa mizani, na kila mmoja hupata kilo 15. Kwa desturi, kilo 5 hubaki kwa familia, 5 huenda kwa majirani na 5 kwa maskini. Mafungu hayo si lazima yalingane, lakini ni lazima maskini wapewe sehemu ikiwa mbichi. Udhiya wa nadhiri hutolewa wote, na mwenyewe hali.

Mchinjaji hulipwa fedha. Ngozi au nyama haiwi ujira wake, ingawa anaweza kupewa kama zawadi.

Wanazuoni wanatofautiana kuhusu kumpa nyama hiyo asiye Mwislamu. Wanaoruhusu huihesabu kuwa sadaka ya hiari, na suala hilo hujitokeza pale Waislamu wanapoishi na majirani Wakristo.