Mzee wa mpakani na punda wa dobi

Tarehe 1 Septemba 1961 Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili, miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Kabla ya mwongo huo kwisha, Peking ilikuwa inapiga chapa hata vitabu vya Kiswahili, kikiwemo kile kitabu kidogo chekundu cha maneno ya Mao. Aliyekaa kwenye kazi hiyo alikutana na jambo ambalo kila anayefasiri Kichina analijua: Wachina wanapenda kusema kwa maneno manne.

Misemo hiyo inaitwa chengyu. Ni silabi nne tu, na mingi imetoka kwenye vitabu vya zamani sana. Nyuma ya msemo mara nyingi kuna kisa kizima, lakini kisa hakisemwi. Msemaji anataja mkia wake, na msikilizaji anamalizia mwenyewe kichwani. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu ukifasiri silabi nne umefasiri mkia. Mnyama mwenyewe amebaki China.

Chukua huu: sai weng shi ma. Neno kwa neno ni “mzee wa mpakani kapoteza farasi”. Sisi wa hapa Bukirasazi mpaka tunaujua, basi tusikie kisa chake. Kimo katika kitabu kiitwacho Huainanzi, cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mzee mmoja aliishi karibu na mpaka, farasi wake akakimbilia upande wa pili. Majirani wakaja kumpa pole. Yeye akawauliza, mnajuaje kama si heri? Miezi ikapita, farasi akarudi, tena ameleta farasi wengine wazuri. Majirani wakaja na pongezi. Mzee akauliza tena, mnajuaje kama si balaa? Mtoto wake akapanda mmoja wa wale farasi, akaanguka, akavunjika mguu. Pole tena, na mzee akauliza lile lile la kwanza. Halafu vita vikaja. Vijana wenye nguvu wakachukuliwa, na katika kila kumi tisa wakafa. Yule kilema alibaki nyumbani na baba yake, wote wawili wakapona.

Sasa mfasiri afanye nini? Akiandika “mzee wa mpakani kapoteza farasi” na kuacha hapo, msikilizaji wetu atasema pole na kuuliza ni mzee gani. Mwingine atasema tubadilishe farasi awe ng'ombe, maana milimani kwetu farasi hawaonekani lakini ng'ombe anajulikana. Mpaka upotee na kurudi kwa ng'ombe hakuna shida. Ila kijana anavunjika mguu kwa sababu amepanda mnyama, na ng'ombe nani anampanda? Kisa kinakatika katikati. Farasi abaki.

Wa tatu atatafuta methali iliyo tayari: baada ya dhiki faraja. Inapendeza mdomoni, na nadhani ndiyo hatari zaidi ya zote. Methali hiyo inaahidi. Inasema vumilia, mema yanakuja. Yule mzee hakuahidi mtu kitu. Alikataa pole, na alikataa pongezi pia. Ukimpa mtu aliyepoteza nyumba “baada ya dhiki faraja” umemwambia neno ambalo Mchina hakulisema. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: rudisha methali yako ndani ya kisa, uiweke mdomoni mwa mzee kila anapozungumza. Farasi wanapoongezeka na majirani wanapiga vigelegele, “baada ya dhiki faraja” inakuwa ndiyo maneno ya majirani. Mzee amepotea.

Mimi ningeandika: “Utajuaje kama si heri?” Ni maneno ya kila siku, ni mafupi, na yanabaki kuwa swali. Wachina wenyewe wana kipande cha pili cha msemo huo ambacho maana yake ni hiyo hiyo, ila mara nyingi wanakiacha bila kukisema. Kwa hiyo hapa mfasiri hakubuni kitu, amesema tu sehemu iliyokuwa imenyamaziwa. Kama ni kitabu na nafasi ipo, asimulie kisa mara moja kwa mistari mitano. Baada ya hapo hata “farasi wa mzee” inatosha.

Lipo jambo la pili, la nani anasema. Mwaka 2011 televisheni ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Mchezo wa nyumbani kama huo una vijana, wazazi na wakwe, na Mchina kijana anaweza kutumia chengyu kwenye mazungumzo bila kuonekana anajifanya mzee. Inakaa ndani ya sentensi yake kama kitenzi au kisifa. Methali yetu haifanyi hivyo. Ni sentensi nzima, na inakuja na kiti chake cha mzee. Mkaza mwana akimtolea mama mkwe wake methali kamili, ugomvi ambao mwandishi hakuuandika umeanza hapo hapo.

Dawa yake Kiswahili kinayo. Methali zetu nyingi tunazikata. Hatusemi mpaka mwisho “bandu bandu huisha gogo”, tunasema “tunakwenda bandu bandu”, na kipande kimekuwa kielezi cha kawaida, hata mtoto anaweza kukitumia. Kihesabu: ba-ndu-ba-ndu, silabi nne! Kinafaa kwa yu gong yi shan, yule mzee wa karibu miaka 90 aliyeanza kuchimba milima miwili iliyomzibia njia, kisa ambacho Mao alikisimulia katika hotuba ya Juni 1945. Kinafaa nusu tu lakini. Gogo linaisha mikononi mwa aliyelianza. Yule mzee alijua hatamaliza, aliwategemea wana na wajukuu, na mlima hauongezeki. Pale ambapo wajukuu ndio hoja, bandu bandu haitoshi, sema “tusipomaliza sisi watamaliza wajukuu”. Jina lake nalo lina mtego: Yu ni mjinga, na anayemcheka anaitwa mwenye hekima. Ukiandika “Mzee Mpumbavu” umemtukana mtu mzima na kejeli imekufa. “Babu Juha” inabaki na tabasamu, kwa sababu juha wa hadithi zetu mara nyingine ndiye anayewashinda wajanja.

Na tusidhani tatizo hili ni la Wachina peke yao. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Waswahili alizozikusanya Unguja, na humo yumo punda wa dobi. Punda huyo alishawishiwa na sungura aende kwa simba. Mara ya kwanza aliponyoka, halafu akashawishika kurudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipoviuliza akajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Maneno matatu, punda wa dobi, yanabeba yote hayo, sawa kabisa na chengyu.

Sasa fikiria mama anaulizwa na mfanyakazi wa shirika kama yuko tayari kurudi kwao, naye anajibu, “Mwanangu, mimi si punda wa dobi.” Mkalimani akitoa neno kwa neno, kwenye karatasi itaandikwa kwamba mama amezungumzia mnyama wa kufua nguo, au kwamba jibu halikueleweka. Akitoa “hataki” tu, amefuta sababu. Jibu la mama lina mambo mawili: niliponea chupuchupu mara moja, na anayeniita sasa ndiye aliyeniita ile mara ya kwanza. Mkalimani anahitaji sentensi mbili, na ruhusa ya kuzisema.