Yoroshiku Onegaishimasu: Ombi Lisilotaja Kinachoombwa

Msimu wa uchaguzi ukifika nchini Japani, magari yenye vipaza sauti huzunguka mitaani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Waliomo ndani huvaa glavu nyeupe na kuwapungia watu mikono kupitia madirishani. Hutaja jina la mgombea, hulitaja tena, kisha humalizia kwa maneno mawili: yoroshiku onegaishimasu. Husikii sera wala ahadi, na sababu yake ni Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1950. Sheria hiyo hairuhusu hotuba gari likiwa linatembea. Linaloruhusiwa ni kuita jina tu. Kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura nako kumekatazwa, katazo lililoanza na sheria ya mwaka 1925. Kwa hiyo mgombea anapita mbele ya dirisha lako kwa sekunde chache, anakuomba kura, na neno kura halitamki. Kila aliyeko barabarani amemwelewa.

Mjapani huyatumia maneno hayohayo siku ya kwanza kazini, kwenye barua pepe inayodai ripoti, na siku ya kumkabidhi mtoto kwa mwalimu. Atakayetafuta tafsiri moja ya kutosha mahali pote hataipata. Mimi naona njia fupi ya kuyaelewa ni kuifuata historia ya hilo neno la kwanza, yoroshiku, kwa sababu tabia yake ya kuacha mambo bila kuyataja ilijengeka polepole, kwa karne nyingi.

Yoroshiku ni kielezi kilichotokana na kivumishi yoroshii, ambacho zamani kilikuwa yoroshi. Katika Kijapani cha mabwana na mabibi wa kasri la Kyoto, karne ya 10 na ya 11, yoroshi haikuwa sifa kubwa. Watu wa wakati ule walikuwa na ngazi nne za kupima uzuri wa kitu. Juu kabisa palikuwa na yoshi, kitu kizuri hasa. Chini yake ilikuja yoroshi, yaani si haba, kinafaa, hakina la kulalamikiwa. Ikafuata waroshi, kisichopendeza sana, na mwisho ashi, kibaya. Shairi lililoitwa yoroshi lilikuwa limepita, ila halikumwacha mtu mdomo wazi. Neno lilianza maisha yake likiwa na kiasi, na kiasi hicho kililifaa baadaye: lilipimia kufaa, na kufaa hutegemea mahali, wakati na mtu.

Maana hiyo ya kufaa ilipata nguvu zaidi mezani kwa wasomi. Kwa karne nyingi wasomi wa Japani walisoma maandishi ya Kichina kwa njia ya pekee: waliacha alama za Kichina zilivyo, lakini wakazitamka kwa maneno ya Kijapani na kuupanga upya mfuatano wake. Zilikuwapo alama chache zilizosomwa mara mbili katika sentensi moja. Moja kati yake ni 宜. Msomaji akiikuta, kwanza hutamka yoroshiku, huendelea na sentensi, kisha huirudia mwishoni na kutamka beshi. Jumla yake ni agizo la upole: inafaa ufanye hivi, itapendeza ifanyike hivi. Vizazi vya wanafunzi viliimba mtindo huo, na yoroshiku ikazoeleka kuwa neno linalotangulia jambo ambalo mwingine anatarajiwa kulitenda.

Hatua iliyofuata naipenda kuliko zote, nayo ilitokea jukwaani. Waandishi wa michezo ya kabuki hawakuandika kila kitu. Walipofika mahali ambapo mwigizaji alijua mwenyewe namna ya kupigana, kulia au kuondoka, waliandika yoroshiku na kuendelea na tukio linalofuata. Maana yake: hapa fanya inavyostahili, wewe ndiye mjuzi. Mwandishi aliacha pengo kwa makusudi, na mwigizaji alilijaza kwa ustadi wake. Asingeweza kulipuuza, maana tamthilia ingekatika. Wala hakuambiwa alijaze kwa kitu gani. Ukilielewa pengo hilo la kwenye karatasi ya kabuki, umeshalielewa gari la mgombea.

Katika maisha ya kawaida ya enzi za utawala wa Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, neno hilo lilitumika pia kubeba salamu. Mtu alimwambia mwenzake ampelekee fulani yoroshiku, kama sisi tunavyosema nisalimie nyumbani. Hapa napo maneno ya salamu hayatajwi. Mpelekaji atajua mwenyewe aseme nini na kwa namna gani. Matumizi hayo yapo mpaka leo.

Neno la pili, onegaishimasu, lina ukoo mwingine. Mzizi wake ni negau, kuomba au kutamani, ambao wanaisimu huuunganisha na kitenzi cha kale negu, kuituliza miungu kwa maombi. Kuhani wa hekalu la Kishinto anayeitwa negi alipata jina lake humo. Kiambishi o mwanzoni ni cha heshima, na mwisho masu ulitokana na kitenzi mairasu, kumtolea mkubwa kitu kwa unyenyekevu, kilichofupishwa kinywani mwa watu kwa karne kadhaa. Muundo wa unyenyekevu unaoanza na o na kuishia na shimasu ulienea katika enzi ya Meiji, baada ya mwaka 1868. Ndipo maneno mawili yalipofungana yakawa moja: nakuomba, kwa unyenyekevu, ufanye inavyofaa.

Sasa tuuangalie msemo huu katika utambulisho. Mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, aliyehamia mtaa mpya alikuwa na desturi ya kuwapelekea majirani tambi za soba. Desturi hiyo imepungua, na mahali pa soba pamechukuliwa na taulo ndogo au sabuni ya kufulia. Utaratibu unaofahamika ni kuzitembelea nyumba tatu za mkabala na moja kila upande. Mgeni hugonga mlango, huinama, hutaja jina lake na nyumba aliyohamia, hutoa zawadi kwa mikono miwili, kisha husema yoroshiku onegaishimasu. Anaomba nini? Siku hiyo, hakuna. Lakini iko siku mtoto wake atalia usiku, gari la mizigo litaziba njia, au atakosea siku ya kutoa taka. Ombi la mambo hayo yote limeshatangulia, na kila jirani ataamua mwenyewe afanye nini siku itakapofika. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kulikumbuka tamko la mkuu mpya anapotambulishwa ofisini: naomba ushirikiano wenu. Tofauti ni kwamba Mjapani hulisema lake kwa kila mtu mpya, hata yule atakayekaa naye meza moja kwa saa mbili.

Katika ombi halisi mambo hugeuka. Chukua karani anayetaka ripoti ya mauzo kutoka idara nyingine. Barua pepe yake itaanza kwa shukrani ya mazoea, itataja ripoti, itataja kwamba inahitajika kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na itafungwa kwa yoroshiku onegai itashimasu, ambayo ni daraja la juu zaidi la heshima. Kinachoombwa kimeshatajwa. Maneno ya mwisho yanafanya kazi mbili: yanageuza agizo liwe ombi, na yanashukuru kazi kabla haijafanywa. Tatizo huzuka pale mwandishi anapoegemea mno pengo la kabuki. Akieleza shida yake tu na kufunga kwa yoroshiku onegai itashimasu, bila kusema anataka nini wala lini, mpokeaji hubaki akikisia. Mkubwa wa kazi anayemwekea kijana faili mezani na kusema neno moja tu, yoroshiku, amemkabidhi kazi pamoja na lawama zake zote, na kijana mwenye busara huuliza maswali kabla mkubwa hajaondoka.

Ipo njia nyepesi ya kuyatofautisha matumizi haya mawili: ondoa neno moja uone kinachobaki. Katika utambulisho unaweza kudondosha la pili na kusema dozo yoroshiku, ikaeleweka, ingawa kwa mkubwa itasikika kama umejiachia mno. Kwenye mkahawa ni kinyume. Kohi, onegaishimasu, na kahawa inaletwa. Yoroshiku haihitajiki kwa sababu hakuna pengo la kujaza. Majibu nayo hutofautiana. Anayetambulishwa huyarudisha maneno yaleyale, akitanguliza kochira koso, yaani mimi ndiye ninayepaswa kusema hivyo. Aliyeombwa ripoti hawezi kuishia hapo. Ni lazima aseme amekubali, la sivyo aliyeomba hatalala.

Maneno haya yaliwahi kuitikisa nadharia kubwa ya isimu. Penelope Brown na Stephen Levinson walikuwa wameeleza kwamba sehemu kubwa ya adabu, kwa wanadamu wote, ni juhudi ya kutomwingilia mtu uhuru wake. Kuomba ni kuingilia, hivyo mwenye adabu hupunguza makali ya ombi. Mwaka 1988 mwanaisimu Yoshiko Matsumoto aliwajibu kwa makala iliyoutumia msemo huuhuu kuwa ushahidi. Hapa, alionyesha, msemaji anamtwisha mgeni mzigo wazi, tena bila kuupunguza, na anahesabiwa kuwa na adabu kwa kufanya hivyo hasa. Kukubali kwamba ninakutegemea ni kukupa cheo. Naona hoja yake ina uzito hata kwetu, kwa maana mzee anayeombwa mtoto alelewe kwake haoni kwamba ameingiliwa.

Palipo na msemo mzito hivi, vijana hawakosi kuuchezea. Magenge ya pikipiki ya miaka ya 1970 na 1980 yaliuandika kwa alama nne zenye maana ya usiku, umande, kifo na mateso, zinazosomeka yoroshiku zikiunganishwa, na kuzishona mgongoni mwa makoti. Siku hizi salamu ya Mwaka Mpya hufupishwa kwenye simu ikawa kotoyoro, vipande vya maneno ya kuomba mwaka huu nao uwe yoroshiku.

Salamu hiyo kamili ndiyo iliyojaza kadi za Mwaka Mpya za posta. Mwaka 2003 zilichapishwa zaidi ya bilioni 4. Kwa mwaka 2025 posta ilianza na takriban bilioni 1. Wazee wengi sasa hutuma kadi ya mwisho kabisa, wakieleza kwamba umri umekwenda na kwamba kuanzia mwakani hawataandika tena. Kadi hiyo ya kuaga, kwa kawaida, nayo hufungwa kwa kumwomba rafiki asibadilike baada ya hapo: yoroshiku onegai moshiagemasu, daraja la juu kuliko yote.