Mfungamano wenye wasiwasi, na jibu linalochelewa

Mfungamano ni kile kinachomfanya mtoto aliyeogopa amkimbilie mtu fulani na si mwingine yeyote. Ndicho pia kinachomfanya mtu mzima aliyepata habari mbaya atake kumpigia mmoja kwanza, kabla ya wengine wote. Nasema mfungamano, sisemi upendo, kwa sababu mtu anaweza kufungamana sana na yule asiyemtunza. Nao mfungamano wenye wasiwasi si wivu, maana wivu huhitaji mtu wa tatu. Hapa wanatosha wawili tu na hofu moja: kwamba ninayemtegemea hatakuwepo nitakapomhitaji.

Sehemu ya chimbuko la elimu ya mfungamano iko kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akawa anatazama namna watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Aliona watoto walioweza kumwacha mama, wakatambaa kwenda kuchezea kitu, kisha wakamrudia. Aliona pia wengine waliolia sana hata wakiwa wamebebwa. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore, alieleza kundi la watoto ambao mama akitoka chumbani hulia kwa uchungu, na akirudi humng'ang'ania huku wakimpiga mateke, wasitulie. Maelezo aliyoyajenga pamoja na John Bowlby ni haya: mtoto ambaye kilio chake mara hujibiwa, mara hakijibiwi, hujifunza kulia kwa nguvu zaidi na kumchunga mama bila kupumzika. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuchunga ni akili.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliyapeleka mawazo hayo kwenye mapenzi ya watu wazima. Baadaye ilizoeleka kusema kwamba wasiwasi huu si ugonjwa wala aina ya mtu. Ni kiwango: kila mmoja anao kwa kadiri yake, unaweza kuwa mkubwa kwa mpenzi huyu na mdogo kwa yule, na utoto peke yake hauuamui.

Sasa tuje Lubumbashi. Tumfikirie dada anayekaa Katuba, na mchumba wake anafanya kazi mgodini Kolwezi, umbali wa kilomita 300 hivi. Saa 19:40 anamwandikia kwenye WhatsApp: "Ulikula?" Inatokea tiki moja. Saa 21:10 zinakuwa mbili za kijivu, saa 21:30 zinageuka bluu. Kisha kimya. Kufika saa 23:00 amekwisha kutuma ujumbe mwingine mara nne, wa mwisho ukisema: "Juu ya nini haujibu? Kama umenichoka, sema." Jibu linaingia saa 06:15: "Nilikuwa kazini. Tutaongea." Analisoma mara tatu, na anachokiona ni ubaridi.

Tuzichambue zile tiki, kwa sababu hapo ndipo tafsiri ilipoanza kupotoka. Tiki moja inasema kwamba ujumbe umetoka kwake na haujafika kwenye simu ya pili. Huenda simu imezimika kwa sababu umeme ulikatwa mchana kutwa, mtandao haupo, mega zimeisha, au mchumba amemfungia. Tiki mbili za kijivu zinasema simu imepokea, na mwenye simu anaweza kuwa hajui. Za bluu zinasema mazungumzo yamefunguliwa, lakini hazisemi alipata dakika ya kuandika. Tena zisipokuwa bluu si ushahidi wa chochote: ujumbe husomeka juu ya kioo bila kufunguliwa, na alama hiyo yenyewe huweza kuzimwa.

Kwa hiyo alichokijua dada huyu ni kidogo: ujumbe ulifunguliwa saa 21:30, jibu halikuja usiku. Lile la "umenichoka" alilileta yeye. Nancy Collins alionyesha jambo hili mwaka 1996: alipowapa watu mifano ya mambo ambayo mpenzi anaweza kuyafanya, yenye maana zaidi ya moja, wenye wasiwasi mwingi wa mfungamano waliyaeleza vibaya zaidi kuliko wengine. Hofu haibuni tukio. Hujaza pengo la sababu, na hulijaza kwa jibu lile lile kila mara. Ukiwaza sababu moja tu, na ikawa inakuhusu wewe, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba wasiwasi ndio unaosoma.

Dalili ya pili ni ule ujumbe uliotumwa mara nne. Unaonekana kama uchunguzi, lakini haukuweza kuleta habari yoyote. Mchumba angenyamaza, ingekuwa ushahidi kwamba amemchoka. Angejibu kwa hasira, ingekuwa ushahidi. Angeomba msamaha, ingetuliza kwa usiku mmoja tu. Na lile jibu fupi la asubuhi huenda lilifupishwa na mashtaka aliyoyakuta kwenye simu. Kuweka picha kwenye status ili uone kama ataitazama ni jaribio la aina hiyo hiyo. Jaribio la kweli ni lile ambalo, kabla ya kulifanya, unajua matokeo gani yangekuonyesha kwamba umekosea.

Basi dada huyu afanyeje? Kwanza arudi nyuma kwenye mazungumzo yao ya wiki tatu au nne na kulinganisha kimya cha jana na mazoea ya mchumba huyo. Asikilinganishe na kasi yake yeye, wala ya shoga yake ambaye mumewe anafanya kazi ofisini. Tuseme anakuta hivi: wiki za zamu ya mchana, jibu huja ndani ya nusu saa; wiki za zamu ya usiku, simu huachwa kabla ya kuingia kazini na jibu huja alfajiri. Hapo kimya cha jana ni cha kawaida. Lakini akikuta kwamba hata siku za mapumziko majibu yamekuwa ya siku ya pili, maswali yake yanarukwa, na mchumba haanzishi tena mazungumzo yeye mwenyewe, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mwenye wasiwasi pia anaweza kuwa anaachwa kweli, na kumwambia kila mara kwamba ni hofu zake tu ni kumdhulumu.

Pili, aandike mahali tafsiri zote mbili na kinachotarajiwa kwa kila moja. Kama ni kazi, zamu ikibadilika majibu yatarudi. Kama anajitenga, zamu itabadilika na kimya kitabaki. Halafu asubiri zamu ibadilike, kwa maana usiku mmoja hauwezi kuzitenganisha.

Tatu, aulize, ila si saa 23:00 na si kwa mashtaka. Aulize mchana, wakiwa wametulia: "Ukiwa kwenye zamu ya usiku nitarajie jibu lako saa ngapi? Ukiona ujumbe na huna nafasi, niandikie tu neno 'kazini'." Swali la "bado unanipenda?" huzaa ahadi isiyopimika, ila hili huzaa mapatano yanayoonekana. Neno moja kabla ya kuingia mgodini linawezekana hata kwa mtu aliyechoka. Akilisahau mara moja kati ya usiku sita, amesahau. Akikubali, kisha likakosekana wiki nzima, na alipokumbushwa likakosekana tena, dada huyu ana cha kuzungumza naye uso kwa uso, naye atakuja na kitu alichokiona badala ya alichokihofia.