Namna za Kutaja Uhusiano katika Ripoti ya Kwanza ya Utafiti: Mizinga na Alizeti Mkoani Singida

Fungu la maneno “inahusiana na”, pamoja na jamaa zake “ina uhusiano na”, “inahusishwa na” na “kuhusiana na”, hudai kwamba vitu viwili havikutengana, lakini halisemi vimeunganika vipi. Katika mazungumzo ya kawaida upungufu huo hauna madhara. Katika ripoti ya kwanza ya utafiti ni kasoro, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapotaka kujua kimelinganishwa nini na nini, tofauti ni ya kiasi gani, kipi kilitangulia, na kama mwandishi anadai sababu au la. Sentensi yenye “inahusiana na” huyaacha maswali hayo yote bila jibu, ilhali mwandishi wake mara nyingi anayo majibu kwenye daftari lake la data.

Mkoa wa Singida una mfano unaofaa kwa maelezo haya. Ni mkoa wa nusu ukame wenye msimu mmoja wa mvua, unaojulikana kwa alizeti na pia kwa asali, hasa upande wa Manyoni na Itigi. Ni jambo la kutarajiwa basi mwanafunzi wa huko aandike katika ripoti yake: “Ufugaji wa nyuki unahusiana na mavuno ya alizeti.” Sentensi hiyo si ya uongo. Ua la alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi, na katika kila kijiua chavua hukomaa kabla ya sehemu ya kike kuwa tayari kuipokea. Kwa hiyo mdudu wa kuibeba chavua kutoka kijiua hadi kijiua, na kutoka mmea hadi mmea, husaidia punje kujaa, na pale uchavushaji unapopungua mapepe huongezeka. Lakini hayo ni maarifa ya botania. Sentensi ya mwanafunzi haisemi lolote juu ya mashamba aliyoyapima yeye.

Dai moja la aina hiyo linaweza kubeba maana tano tofauti. Ya kwanza ni uhusiano wa mada: jambo moja linalihusu jingine, kama hati ya bei inavyohusu soko. Ya pili ni tofauti ya makundi: mashamba yaliyo karibu na mizinga yalivuna zaidi ya yaliyo mbali. Ya tatu ni uwiano, yaani vipimo viwili kupanda na kushuka pamoja. Ya nne ni mfuatano wa wakati, jambo moja kulitangulia jingine. Ya tano ni usababishi, kwamba kuondoa kimoja kungebadilisha kingine. Maana hizi hazibadilishani nafasi. Aliyepima makundi mawili tu, karibu na mbali, hajapima uwiano, na kwa hiyo muundo wa “kadiri mizinga inavyoongezeka ndivyo mavuno yanavyopanda” haumfai hata kidogo. Muundo wa “kadiri” unadai ngazi nyingi za kipimo: mizinga miwili, mitano, kumi, ishirini. Pale ngazi hizo zipo na data zimechorwa, uwiano hutolewa kwa kipimo kinachoandikwa r, chenye thamani kati ya -1 na +1. Thamani hiyo hueleza jinsi nukta zinavyokaribiana na mstari ulionyooka. Haielezi ni magunia mangapi yanayoongezeka kwa kila mzinga, na ripoti nyingi za mwanzo huyachanganya mambo hayo mawili.

Sarufi ya Kiswahili ina mitego yake katika eneo hili, na mikubwa zaidi imo ndani ya vitenzi. Kitenzi “ongezeka” hueleza hali, na “ongeza” humtaja mtendaji. Anayeandika “mavuno yalikuwa makubwa zaidi penye mizinga” ameripoti alichokiona. Anayeandika “mizinga iliongeza mavuno” ameshadai sababu, kwa kubadilisha kitenzi tu. Jozi za “pungua” na “punguza”, “panda” na “pandisha”, “shuka” na “shusha” zina tabia hiyo hiyo. Mwandishi makini huvikagua vitenzi vya sehemu ya matokeo kimoja kimoja, na kila anapokuta umbo la kusababisha hujiuliza kama mbinu yake ya utafiti inalihimili.

Viunganishi navyo vina uzito. “Kutokana na” hutumiwa kama neno la mpito lisilo na madhara, ilhali maana yake ya msingi ni chanzo: mavuno “yaliyotokana na” mizinga ni mavuno yaliyosababishwa nayo. “Kufuatia” ni neno la wakati ambalo msomaji hulisoma kama la sababu. “Kuchangia” huonekana la kiasi, lakini mchango ni sehemu ya sababu, si kitu pungufu ya sababu. “Kuambatana na” ni salama zaidi, maana linasema tu kwamba mambo mawili yalikutwa pamoja. Ama “inahusishwa na”, tatizo lake ni kumficha mhusishaji. Haijulikani kama aliyehusisha ni mwanafunzi, ni wakulima aliowahoji, au ni vitabu alivyovisoma. Kila mmoja kati ya hao anastahili sentensi yake: “wakulima walisema”, “data za utafiti huu zinaonyesha”, “tafiti za awali zilikuta”.

Nyakati za vitenzi zina sehemu yake pia. Kiambishi “hu-” ni cha mazoea na huifanya kauli kuwa ya jumla. “Mashamba yaliyo karibu na mizinga hutoa mavuno makubwa” ni kauli kuhusu mashamba yote, ya miaka yote. “Yalitoa” ni kauli kuhusu mashamba yaliyopimwa katika msimu mmoja. Ripoti ya kwanza, yenye msimu mmoja na kata moja au mbili, kwa kawaida haina haki ya kutumia “hu-” katika sehemu ya matokeo.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, na tarakimu zake si za utafiti wowote. Mwanafunzi amepima mashamba 40 ya alizeti katika Wilaya ya Mkalama. Mashamba 18 yana mizinga ndani ya mita 500, na 22 hayana. Shamba limehesabiwa kuwa na mavuno mazuri likifikisha magunia matano kwa ekari. Kati ya yale 18, mashamba 12 yalifikia kiwango hicho, sawa na asilimia 67. Kati ya yale 22 yalifikia 8, sawa na asilimia 36. Sentensi ya kwanza iliyo sahihi ni hii: “Mavuno mazuri yalipatikana katika mashamba 12 kati ya 18 yaliyo karibu na mizinga, na katika 8 kati ya 22 yaliyo mbali.” Ni ndefu kuliko “inahusiana na”, lakini msomaji amepata makundi, mwelekeo na ukubwa wa tofauti kwa pamoja, tena bila dai la sababu.

Tofauti ya pointi 30 hivi za asilimia inavutia, na hapa ndipo waandishi wengi wachanga hukimbilia hitimisho. Lakini daftari lina safu nyingine: aina ya mbegu. Katika mashamba 18 ya karibu, 14 yalipandwa mbegu chotara za dukani. Katika yale 22 ya mbali ni 8 tu, mengine yote yakipandwa mbegu za akiba kutoka msimu uliotangulia. Hesabu ikirudiwa ndani ya kila aina ya mbegu, picha hubadilika. Kwa mbegu chotara, mashamba ya karibu yaliyofaulu ni 11 kati ya 14, yaani asilimia 79, na ya mbali ni 6 kati ya 8, asilimia 75. Kwa mbegu za akiba ni 1 kati ya 4 kwa karibu, na 2 kati ya 14 kwa mbali, yaani asilimia 25 dhidi ya 14. Sehemu kubwa ya tofauti imeyeyuka. Kilichoonekana kuwa kazi ya nyuki kilikuwa kwa kiasi kikubwa tofauti ya mbegu, pengine kwa sababu mkulima mwenye uwezo wa kununua mizinga ndiye mwenye uwezo wa kununua mbegu. Masalio ya tofauti nayo hayabebi mzigo mkubwa: katika kundi la mashamba manne, shamba moja lililofaulu likiharibika, asilimia 25 hugeuka sifuri.

Kigeu cha tatu cha namna hiyo, kinachogusa pande zote mbili za dai, kinapaswa kutajwa ndani ya sentensi yenyewe: “Ndani ya mashamba yenye mbegu za aina moja, tofauti kati ya karibu na mbali ilikuwa ndogo, na idadi ya mashamba haitoshi kuamua kama ipo.” Sentensi hii humwokoa mwandishi dhidi ya swali la kwanza la msimamizi. Kigeu kisichopimwa, kwa mfano rutuba ya udongo au tarehe ya kupanda, hutajwa kama kisichopimwa. Hakizibwi kwa kuandika “mambo mengine yanayohusiana”.

Mwelekeo ni suala la peke yake. Mfugaji wa nyuki huweza kuisogeza mizinga yake karibu na mashamba yanayochanua vizuri, na hapo shamba zuri ndilo lililovuta mizinga. Mwanafunzi aliyefika mara moja tu, wakati wa kuvuna, hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Aliyeandika tarehe ya kutundikwa kwa kila mzinga, kabla ya maua kufunguka, ana cha kusema. Mtakwimu Mwingereza Austin Bradford Hill, katika hotuba yake ya 1965 kuhusu uhusiano na usababishi katika maradhi, alitaja hoja tisa za kupimia jambo kabla ya kuliita sababu, na mfuatano wa wakati ni mojawapo. Hakuziita masharti, ingawa wanaomnukuu huzigeuza kuwa orodha ya kuwekea alama za vema.

Kizio cha upimaji huweka mpaka mwingine. Anayelinganisha kata na kata, kwa takwimu za ofisi ya kilimo ya wilaya, anaweza kuandika kwamba kata zenye mizinga mingi zilivuna zaidi. Hawezi kuandika kwamba wakulima wenye mizinga walivuna zaidi, kwa kuwa ndani ya kata hiyo huenda wafugaji wa nyuki hawalimi alizeti kabisa. Neno linaloandikwa mbele ya kitenzi, kata au shamba au mkulima, liwe ndilo lililo kwenye mstari wa jedwali la data.

Vitenzi vya kusababisha vina mahali pake halali, na mahali hapo ni jaribio. Vichwa kadhaa vya alizeti katika shamba moja huchaguliwa kwa bahati nasibu, hufunikwa kwa kitambaa cha wavu kabla ya kuchanua ili nyuki wasifike, na vingine huachwa wazi. Mapepe na punje zilizojaa huhesabiwa wakati wa kuvuna. Hapo mbegu ni moja, udongo ni mmoja, tarehe ni moja. Ikiwa mapepe ni mengi zaidi kwenye vichwa vilivyofunikwa, kauli kwamba “kuzuia wadudu kuliongeza mapepe” inakubalika, mradi itajwe kwamba wavu wenyewe huweza kubadilisha kivuli na joto. Kinachobaki nje ya kauli hiyo ni aina ya mdudu: wavu haumzuii nyuki peke yake.

“Uhusiano” haukufukuzwa katika ripoti. Hubaki katika kichwa cha kazi na katika swali la utafiti, mahali ambapo jibu bado halijapatikana: “Uhusiano kati ya ukaribu wa mizinga na mavuno ya alizeti katika Wilaya ya Mkalama.” Kosa la upande wa pili ni kurundika tahadhari, kama katika “huenda pengine kunaweza kuwa na aina fulani ya uhusiano”, sentensi isiyoweza kukanushwa na kwa hiyo isiyo na habari. Neno moja la shaka linatosha, likiwekwa kwenye kile hasa kinachotiliwa shaka: tofauti yenyewe, ukubwa wake, au sababu yake.