Jibu linalokaribia usahihi linavyompotezea mtahiniwa alama

MTAHINIWA wa Hisabati anaweza kutumia kanuni ifaayo, kupanga hatua zake kwa utaratibu mwema, na bado akakosa alama ya mwisho. Mara nyingi chanzo ni kukadiria nambari kabla ya wakati wake.

Tuchukue mfano wa swali la alama 3. Ukuta wa jengo una kimo cha mita 12, na ukingoni juu yake pamesimikwa mlingoti. Kutoka kituo P kilichoko kwenye ardhi tambarare, pembe ya mwinuko hadi ukingo wa ukuta ni digrii 23, na hadi ncha ya mlingoti ni digrii 58. Mtahiniwa anatakiwa kupata kimo cha ncha hiyo kutoka ardhini, kwa tarakimu 3 za maana.

Hatua ya kwanza ni kutafuta umbali kutoka P hadi ukutani. Mita 12 zikigawanywa kwa tanjenti ya digrii 23, kikokotoo huonyesha 28.27023. Hatua ya pili ni kuzidisha umbali huo kwa tanjenti ya digrii 58, na matokeo yake ni 45.2418. Kwa tarakimu 3 za maana, jibu ni mita 45.2.

Sasa chukua mtahiniwa aliyeona kuwa, kwa sababu jibu linatakiwa kwa tarakimu 3, hata umbali yafaa auandike kwa tarakimu 3. Anaandika 28.3, anazidisha, anapata 45.289, kisha anajibu mita 45.3. Mwenzake aliyeandika umbali kuwa 28 anapata mita 44.8. Wote wawili wanaijua trigonometria, lakini hakuna aliyefikia 45.2.

Kwa kawaida alama za swali kama hili hugawanywa mara mbili: kuna alama za mbinu na kuna alama ya usahihi. Wanafunzi hawa watapata alama 2 za mbinu, mradi hatua zao zionekane kwenye karatasi. Alama ya usahihi ndiyo itakayowaponyoka. Aliyeandika 45.3 peke yake bila kuonyesha hatua hana hata mbinu ya kutuzwa.

Huenda mtu akauliza: tofauti ya sentimita 10 katika mlingoti mrefu kiasi hicho ina uzito gani? Jawabu limo katika maana ya tarakimu zenyewe. Anayeandika mita 45.3 kwa tarakimu 3 za maana anadai kwamba kimo halisi kimo kati ya mita 45.25 na 45.35. Kimo halisi ni 45.24, nacho kimo nje ya mipaka hiyo. Kwa hiyo dai lake si kweli, japo limekaribia ukweli.

Kosa la pili ni kukadiria mara mbili. Nambari 7.3449 kwa tarakimu 3 za maana ni 7.34, kwa kuwa tarakimu inayofuata, yaani 4, haifikii 5. Lakini anayeigeuza kwanza kuwa 7.345, kisha akaikadiria tena, hupata 7.35. Nambari hukadiriwa mara moja tu, kutoka ile ya awali.

Kosa la tatu ni kuchanganya tarakimu za maana na nafasi za desimali. Nafasi za desimali huhesabiwa kuanzia kwenye nukta, ilhali tarakimu za maana huanzia kwenye tarakimu ya kwanza isiyo sufuri. Hivyo, 0.04507 kwa nafasi 3 za desimali ni 0.045, lakini kwa tarakimu 3 za maana ni 0.0451.

Hata hivyo, si lazima mtahiniwa anakili kila tarakimu iliyo kwenye kikokotoo. Katika swali la mlingoti, aliyeandika umbali kuwa 28.27 angepata 45.24, na jibu lake lingekuwa 45.2. Hata anayetumia majedwali ya tarakimu 4, yanayompa 0.4245 na 1.6003, hufikia jibu lilo hilo. Kwa kawaida, kubakiza tarakimu moja au mbili zaidi ya zinazotakiwa hutosha. Hesabu ikiwa na hatua nyingi, au ikihitaji kutoa nambari mbili zinazokaribiana sana, ni heri kubakiza zaidi.

Njia ya kulitambua kosa hili ni kurudia hesabu yote kwa mkupuo mmoja kwenye kikokotoo: 12 gawanya kwa tanjenti ya 23, zidisha kwa tanjenti ya 58. Jibu hilo likitofautiana na lililoandikwa katika tarakimu ya mwisho, basi kuna nambari iliyokatwa mapema katika mojawapo ya hatua, na hapo ndipo pa kurekebisha.