Roehl, Broomfield na Makinikia ya Bulyanhulu

Machi 2017, Serikali ya Tanzania ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye dhahabu kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, neno makinikia lilitoka katika nyaraka za wataalamu likaingia vinywani mwa watu. Wapenzi wa lugha wakauliza: je, ni Kiswahili sanifu? Swali hilo lina babu yake.

Mnamo 1930, mwaka ulioanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyetafsiri Biblia, aliandika katika jarida la Africa kwamba maneno ya Kiarabu yanakifanya Kiswahili kiwe kigumu kwa Wabantu wa bara. Yaondolewe, alisema, na mahali pake yawekwe ya Kibantu. Mwaka uliofuata G. W. Broomfield, wa misheni ya UMCA Unguja, alimjibu katika jarida hilohilo: maneno hayo yamekwisha kuwa ya Waswahili wenyewe, na mfasiri hana mamlaka ya kuyafukuza.

Wengi husoma mabishano hayo kama ugomvi wa ladha. Mimi naona zaidi. Roehl hakutoa amri tupu. Chini ya amri yake palikuwa na dai linalopimika, kwamba msikilizaji wa bara ataelewa vyema neno la asili ya Kibantu. Dai la namna hiyo lina thamani ya kisayansi hata likishindwa. Kinyume chake, mwongozo unaosema tu "si fasaha" hautupi cha kupima, ingawa katazo lenyewe hushuhudia kwamba kuna watu walikuwa wakisema hivyo.

Basi tupime huko Usukumani. Chukua kwanza madini. Katika Kiarabu, ma- ya neno hilo ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi cha ngeli. Waswahili wameisikia kama ya mawe na maji, wakasema madini haya, madini yale. Maktaba, yenye ma- kama hiyo, imebaki maktaba hii. Sarufi ya Kibantu imelimeza neno moja na kuliacha jingine, bila kungoja ruhusa ya mwongozo wowote.

Makinikia nayo, kwa umbo lake, inaonekana kujengwa juu ya makini, shina la Kiarabu, pamoja na viambishi vya Kibantu -ik- na -i-, kama kitenzi makinikia. Hata hivyo twasema makinikia haya. Ma- ya shina imegeuzwa kuwa ya ngeli, sawasawa na madini.

Hapo Broomfield anapata ushahidi mzuri, lakini si ushindi kamili. Neno hili lilienezwa na mjadala wa kitaifa juu ya makontena 277 bandarini Dar es Salaam. Lingekuwa na shina la Kibantu tupu, huenda lingeenea vilevile. Ili kumhukumu Roehl kwa haki, ingebidi wasikilizaji wa Kakola wapewe maneno mawili wasiyoyajua, moja la kila asili, kisha waulizwe wameelewa nini.