Rwanda: Namna ya Kuwagawia Watu Wengi Kazi kwa Maneno

Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, majirani hukutana kuanzia saa mbili asubuhi kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Huzibua mitaro, hupanda miti na kutengeneza njia. Katika kazi za namna hii, popote zifanyikapo, msemaji hukabiliwa na tatizo moja: akiyataja majukumu yote mbele ya wote, kila msikilizaji hulazimika kuchambua lipi ni lake. Akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, takriban manne, na majukumu ya wengine huyafukuza yake mwenyewe.

Dawa yake ni kugawa watu kwanza, kisha kusema. Tuchukue mfano wa watu 40 waliojitolea kuzibua mtaro wa mita 120. Kabla hawajafika, mambo manne hupigwa ardhini, moja kila baada ya mita 30. Watu wanapokusanyika, msimamizi huwahesabu kumi kumi na kulipeleka kila kundi kwenye mambo yake papo hapo. Asingoje, kwani mtu aliyepewa namba na kuachwa asimame huisahau.

Kwenye mambo, kiongozi wa kundi huwagawia watu wake: wanne wachimbe, watatu wapakie kwa sepetu, wawili wasukume toroli, mmoja aangalie magari akiwa na bendera nyekundu. Humkabidhi kila mtu chombo chake huku akimwambia sentensi moja yenye tendo, mahali na kikomo: “Wewe chimba toka hapa hadi kwenye jiwe lile, kina cha goti.” Tangu hapo chombo kilichomo mkononi humkumbusha kazi, na jiwe humkumbusha mpaka.

Kisha kila mmoja huyarudia maagizo yake kwa maneno yake mwenyewe. Kuuliza “Mmeelewa?” hakutoshi, maana wote huitikia ndiyo, hata asiyesikia. Mwenye bendera hurudia mara mbili, kwa kuwa kosa lake laweza kumgharimu mwenzake maisha.

Jambo linalowahusu wote liwe moja tu, nalo lisemwe mwisho, kabla watu hawajatawanyika: filimbi ndefu ikilia, kila mtu aache kazi na atoke mtaroni.

Dalili za maagizo yaliyopotea huonekana mapema. Watu humtazama jirani kabla ya kuanza, au hurundikana penye jembe la kwanza. Hapo msimamizi asipaze sauti kwa wote, bali aende kwenye kundi hilo na kuanza upya, mtu mmoja mmoja.

Njia hii ina mpaka wake. Kiongozi mmoja huwamudu watu wapatao kumi. Wakizidi sana, huhitajika kiongozi mwingine. Na anayechelewa kufika apelekwe kwa kiongozi wa kundi, asiachwe kujitafutia kazi.